Injinia Aliyeogopa Kubisha Hodi

Niliua pampu mpya ya maji nikiwa nimekaa kando yake, nikiisifu. Maji ya mfereji hapa Ruiru huja yakipenda, kwa hivyo nilikuwa nimenunua pampu ya kuyapandisha kutoka tangi la chini hadi lile la juu. Nikaunganisha mipira, nikawasha. Ikaanza kulia. Nikasema, sikia nguvu hiyo. Ikalia zaidi, sauti nyembamba kama ya nguruwe aliyebanwa na lango, nami nikavuta stuli nikanywa chai nikiitazama inavyojituma. Sikujua kwamba pampu ya aina ile haiwezi kuvuta hewa. Lazima uijaze maji tumboni kwanza, ndipo ipate nguvu ya kuvuta mengine. Ukiiendesha kavu inajichoma yenyewe kwa ndani. Ilipoanza kunuka mpira ulioungua nikafungua mlango nipate hewa.

Nje ya mlango alikuwa amesimama jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Injinia, ameshika jagi la maji.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Hiyo pampu... haina maji ndani. Nilikuwa nimekuletea."

"Umesimama hapo tangu lini?"

Akatazama kandambili zangu. "Tangu ianze kulia."

"Na hukubisha?"

"Nilidhani labda una wageni."

Wageni! Mimi! Mgeni wangu wa kudumu ni yule kijana wa kusoma mita ya stima, na hata yeye husomea dirishani. Nilimkasirikia Injinia siku hiyo, na hasira ile haijaisha mpaka leo. Imebadilisha tu watu wa kukasirikiwa.

Mimi ni mfumaji wa sweta za shule. Nina mashine yangu sebuleni, cheti changu cha kidato cha nne kiko ukutani kwenye fremu, na nikitoka nje ya lango la ploti yetu ya vyumba vya kupanga ujue kuna moto. Mtu wa namna hiyo husikia majirani kuliko kuwaona. Injinia nilimjua kwa masikio kwanza: mlango uliofungwa polepole kana kwamba ndani kuna mtoto mchanga, ilhali aliishi peke yake, na hatua za mtu anayeomba sakafu msamaha. Asubuhi na mapema alitoka kwenda Thika, eneo la viwanda, ambako alisimamia mitambo katika kiwanda kimoja cha katoni. Jioni alirudi na harufu ya grisi na mahindi ya kuchemsha, ambayo aliyanunua kwa mama mmoja pale stejini, kwenye matatu, kwa sababu mama huyo hakuwa mtu wa kuuliza maswali.

Alikuwa mrefu, lakini urefu wake aliubeba kama mzigo wa mtu mwingine. Ukimsalimia "Sasa, Injinia," alijibu "Poa" baada ya wewe kupita. Kanisani, walivyosimulia majirani, alikaa benchi la nyuma karibu na spika, na spika zile ziliacha kukoroma wiki aliyohamia. Mchungaji alimshukuru Roho Mtakatifu kwa kazi hiyo mbele ya watu wote. Injinia alisema amina.

Lakini kwa vyuma hakuwa na haya hata kidogo. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini wake sikioni, akasikiliza kama daktari, halafu akaitukana. Naapa. Mtu ambaye hakuweza kumwambia konda ampe chenji yake aliiambia mashine yangu ya sweta, "Mjinga wewe, nani amekukaza hivi?" Nilikuwa nimeikaza mimi.

Alikuwa na msemo wake mmoja, nao aliutoa akitazama chini: "Chuma hakivunjiki ghafla. Huanza kwa kulalamika, hakuna anayesikia." Mwanzoni nilidhani anazungumza juu ya chuma tu.

Safari moja mkono wa mashine yangu ulikatika, akanipeleka Thika, kwenye karakana ya fundi wa leth, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Karakana ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya viwanda, kelele tupu, vumbi la chuma linameta sakafuni kama pambo la harusi. Tulipanga foleni. Mbele yetu hapakuwa na mtu. Ilikuwa zamu yetu. Ndipo akaingia mama mmoja na aproni iliyonuka omena, dagaa wa kusagia kuku, mpaka macho yakatoka machozi, amebeba kwapani kipande kilichokatika cha shafti, ule mhimili wa kuzungusha mashine, na kingine ndani ya kiondo.

"Fundi, imevunjika tena," akasema. "Shafti ile ile. Mahali pale pale. Nina watu wa kuku wamejaa nje wanataka chakula, kinu kimelala."

Fundi hakugeuka. "Leta nichomelee, mathee. Nitaipiga welding nzito."

"Ndivyo ulivyosema mara ya kwanza na ya pili."

"Basi sasa nitaipiga nzito zaidi."

Nilimwona Injinia akisogea. Hakumsogelea mama, alikisogelea kile kipande cha chuma. Akakichukua kwapani mwa mama bila kuomba, jambo ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa wizi, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Haya we! Huyu ni nani?" mama akauliza.

"Anapita tu," nikasema mimi.

Injinia alianza kusema, na alikuwa akiiambia shafti. Alionyesha mahali ilipokatika. Ukingoni uso ulikuwa laini, wenye mistari iliyopindana kama pete za kitunguu. Upande wa pili kulikuwa na sehemu ndogo iliyoparara kama sukari guru iliyovunjwa. "Hapa palianza," akasema, akigusa ukingo. "Ufa mdogo. Kila shafti ikizunguka, mkanda unaivuta, upande mmoja unanyooshwa, mwingine unabanwa, halafu vinabadilishana. Ufa unatembea kidogo kidogo. Hii mistari ni hatua zake. Hii iliyoparara ndiyo iliyobaki peke yake mwisho ikashindwa. Hukuivunja leo, mama. Imekuwa ikivunjika tangu uifunge."

"Na kwa nini ianzie hapo?"

Akagusa kona, pale shafti nene inaposhuka na kuwa nyembamba ili beringi ikae. Kona ile ilikuwa kali, imekatwa wima kama ngazi.

Sasa hapa ndipo ujue mafundi wetu. Kwa fundi wa leth wa Thika, kona kali ndiyo heshima. Akikata kona ikawa kali kama kisu, anaita wenzake waje waone. Kona ya mviringo ni kazi ya mwanafunzi ambaye kisu chake kimekwisha makali. Kwa hivyo kila shafti nzuri iliyotoka pale, kwa kila mwenye kinu kutoka Juja hadi Mwihoko, ilitoka na ugonjwa wake ndani, na mwenye kuitia ugonjwa alikuwa akijivunia.

"Kona kali inakusanya mavuto yote mahali pamoja," Injinia akanong'ona. "Ikiwa na mviringo, mavuto yanapita. Na welding ndiyo inaongeza shida. Chuma hiki ukikichoma bila kukipasha moto kwanza, pembeni mwa mchomo kinakuwa kigumu kama glasi. Ufa unapenda hapo."

Fundi akazima mashine. "Bosi, mimi nakata shafti tangu ukiwa kwa nepi. Nikiweka kona ya duara, beringi haiingii mpaka ndani. Itakalia duara. Umefikiria hilo?"

Lilikuwa swali zuri, na Injinia alifurahi mpaka akamtazama mtu usoni. "Kweli. Mdomo wa beringi ni mdogo. Kwa hivyo tuweke pete katikati. Pete ndiyo tuikate mdomo mpana, ikae juu ya duara, na beringi iegemee pete."

Fundi akakuna kidevu, kisha akachukua kisu chake akaenda kwenye jiwe la kunolea. Injinia akasimama naye wakaviringisha ncha pamoja. Wakakata shafti mpya, bila welding, kona ikawa laini kama bega la chupa. Injinia akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, kwa sababu hata mkwaruzo mdogo, alisema, ni mlango wa ufa. Halafu akamuuliza mama kuhusu puli, lile gurudumu linaloshika mkanda. Mifereji yake inang'aa chini?

"Inang'aa kama kioo."

"Basi imelika. Mkanda unatakiwa ubane kwa mbavu. Ukikalia sakafu ya mfereji unateleza."

"Unateleza, ndiyo! Na mimi nimeukaza na chuma kirefu."

"Ndio maana shafti inapinda. Badilisha puli, isogeze karibu na beringi, kisha mkanda uukaze kiasi cha kubonyea kidogo ukiubonyeza kwa kidole gumba. Na zile nyundo za ndani, zinazolika, usibadilishe moja moja. Zilizotazamana ziwe uzito mmoja."

Zamu yetu ilikuwa imekwenda. Mama akauliza jina lake, Injinia akawa tayari yuko nje anatazama mtaro. Mkono wa mashine yangu ulitengenezwa baadaye kabisa, nilifika nyumbani na njaa, nikanung'unika njia nzima. Sikujua kwamba nimeona jambo.

Sasa nije kwenye hasira yenyewe.

Kule kiwandani palikuwa na feni kubwa ya kuvuta moshi wa boila. Masizi hushika kwenye mapanga yake, upande mmoja ukazidi mwingine, feni ikaanza kutetemeka. Injinia aliisikia kwa bisibisi yake. Kwenye mkutano wa asubuhi alisema isimamishwe, isafishwe, na shafti ikaguliwe ufa. Mkuu wake, meneja wa mitambo, mtu wa suti na vicheko, akasema, "Daktari wetu wa bisibisi ameota tena," na watu wakacheka, na mkutano ukaendelea na habari za oda. Alisema tena siku iliyofuata. Alisema mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa: ukimkatiza, anapunguza. Feni ikavunjika shafti ikiwa kazini, gurudumu lake likararua bati, mtu aliyekuwa amesimama hapo dakika chache kabla alikuwa ameenda msalani, Mungu ni mkubwa. Boila ikazimwa, kiwanda kikasimama.

Nani alikuwa msimamizi wa mitambo? Injinia. Nani alionya? Hakuna aliyekumbuka kusikia. Walimwita ofisini wakamuuliza kwa nini hakuzuia. Aliniambia mwenyewe, amekaa kwenye stuli yangu ile ile ya pampu.

"Uliwaambia nini?"

"Nilisema, labda ningesema kwa nguvu."

"Labda! Uliwapa labda?" Nilirusha uzi ukutani. "Wewe mtu, ungepiga meza!"

"Meza ilikuwa yao."

Alifukuzwa, na jina likamfuata. Alizunguka viwanda vya Thika na Ruiru, na mahali pengi waliuliza, si wewe wa ile feni? Kwingine walimpa usaili. Mimi, mtaalamu wa kukaa nyumbani, nikajifanya mwalimu wake wa kuzungumza na watu. Nilivaa koti langu la mazishi, nikakaa nyuma ya mashine ya sweta, nikasema kwa sauti ya kiofisi, "Karibu, tuambie kidogo kukuhusu."

"Hapana," akasema Injinia.

"Hapana nini?"

"Sipendi."

Tulicheka mpaka mama wa chapati, jirani yetu wa mbele, mwanamke asiyejua kunong'ona, akapiga kelele kutoka kwenye jiko lake tumwache mtu apike. Lakini kule kwenye usaili wa kweli hakucheka mtu. Waliona mtu mwenye jasho anayetazama zulia. Waliajiri wenye midomo. Alianza kuuza vifaa vyake. Alipouza mashine ndogo ya kupimia mtetemo nikajua kwamba akimaliza kuuza atarudi kwao kulima, na injinia atakuwa amekufa huku mtu akiwa hai. Hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani, na hakuna aliyeliona ila mimi, mtu asiyeweza kumsaidia hata kubeba pampu.

Mama wa aproni ndiye aliyekuja. Alikuwa amerudi kwa fundi wa leth kununua pete nyingine, si kwa sababu ya kuvunjika, bali kwa sababu ya kutovunjika: mwenzake alikuwa amemwomba amtafutie naye kama hiyo. Akauliza, yule mrefu anayezungumza na vyuma anaishi wapi? Fundi alinikumbuka mimi tu, "mtu wa sweta wa Ruiru anayelalamika." Sifa yangu ilitosha. Alifika ploti, akabisha kama polisi.

"Shafti yangu haijakatika tangu siku ile," alimwambia Injinia. "Tuko wengi wenye vinu vya chakula cha kuku, tumeungana, tumekodi banda hapa Ruiru, tunataka mtu wa mitambo. Kesho uje uongee nao."

Neno "uongee" lilimfanya Injinia awe rangi ya majivu. Ndiyo maana nilivaa viatu nikaenda naye. Mimi!

Bandani walikuwa wamekaa kwenye magunia, na nyuma yao kinu cha mmoja wao kikisaga. Mwenye kinu hicho, bwana wa kofia na sauti kubwa, hakungoja salamu. "Nimemjua huyu. Si ndiye wa feni ya Thika? Aliyelala kazini?"

Injinia akatazama sakafu. Nilitaka kusema mimi, nikagundua kwamba nami nina woga, tofauti ni kwamba wangu hauna cheti. Mama wa aproni akasema tu, "Mwacheni. Hajaja kuhubiri."

Kinu kikaendelea kusaga. Injinia akainamisha kichwa, akasikiliza. Halafu akasema, si kwa mnong'ono, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada: "Zima!"

"Ati nini?" bwana wa kofia akainuka. "Nina oda hapo!"

"Zima hiyo mashine!"

Mama ndiye aliyebonyeza swichi. Injinia akaitisha mafuta ya taa, kitambaa na chaki ya shule. Alivua mkanda wa kinu, akatoa beringi, akasafisha ile kona grisi yote. Akaipaka mafuta ya taa kwa wingi, akangoja, huku bwana wa kofia akihesabu hasara kwa sauti. Mafuta ya taa ni membamba, huingia mahali ambapo hata jicho haliingii. Kisha akafuta shafti mpaka ikawa kavu kabisa, akaisugua chaki mpaka ikawa nyeupe, akaigonga taratibu kwa mpini wa nyundo. Tukainama sote. Kwenye weupe ule ukajitokeza mstari mweusi mwembamba, ukakua, ukazunguka kona kama unywele uliolowa. Ni mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakirudi nje.

"Watu wako wanasimama wapi wakijaza mahindi?" Injinia akauliza, na sauti ilikuwa imeshapungua tena.

Bwana wa kofia akaonyesha. Palikuwa mbele kabisa ya puli. Hakusema asante. Alisema, "Kwani hii oda nitaisaga na meno?" Mama akamwambia mahindi yake yatasagwa kwa kinu chake yeye. Injinia alianza kazi siku hiyo hiyo.

Majirani wanaipenda hadithi hii. Wanaisimulia wakipoza chai: tenda wema nenda zako. Mchungaji ameihubiri. Nami kila nikiisikia damu inachemka. Wema gani? Alikuwa na jicho lile lile, chaki ile ile, mafuta ya taa ya bei ile ile, kule Thika, na alikuwa anaomba kiwanda nusu siku tu. Walimlipa ili awaambie, akawaambia, wakacheka. Ikabidi mtu mzima mwenye shahada aokolewe na mama ambaye kwa bahati aliingia na kiondo siku ambayo tulikuwa kwenye foleni. Angekuja siku nyingine je? Nyie mnaita baraka. Mimi naita aibu iliyofunikwa kwa kitambaa cha baraka. Na wako wangapi wengine wanaonong'ona sasa hivi kwenye mikutano ya asubuhi, na hawana mama wa omena?

Nilimwona wiki iliyopita, alfajiri ya mvua nyepesi. Gari la kile kiwanda cha katoni lilikuwa limesimama langoni petu, taa zikiwaka. Nilitoka. Injinia alikuwa anafunga begi: bisibisi, msasa, chaki.

"Wanataka nini hawa?"

"Feni mpya inatetemeka. Wameomba niiangalie."

"Wameomba! Yule meneja bado yuko?"

"Yuko. Ndiye aliyepiga simu."

"Ameomba msamaha?"

Akafikiria kwa haki, kama kawaida yake. "Alisema habari ya asubuhi."

"Usiende! Acha ivunjike! Acha iwararue mabati yote!"

Alinitazama, usoni kabisa, kitu adimu. "Kuna watu wanapita chini yake," akasema. "Na feni haijanikosea kitu." Halafu akaingia garini, akaufunga mlango polepole, dereva akamwambia haujashika, akaufungua akaufunga tena polepole vile vile.

Nilibaki langoni nikitukana. Nilitukana kiwanda, meneja, suti, mikutano ya asubuhi, nikamtukana na Injinia kidogo kwa kuipenda feni kuliko mimi. Taa za vyumba zikaanza kuwaka. Mama wa chapati akatoka na unga mikononi, akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akanitazama toka kichwani hadi kandambili, akasema:

"Aliyefukuzwa ameenda kazi. Wewe hakuna mahali umewahi kufukuzwa, na uko hapa nje na pajama unapigia gari kelele na lilishaenda. Ingia ndani uoge."